Dakika Nne kwa Kila Mwanamke

Kwa karne nyingi wachoraji wamependa kumweka Bathsheba juu ya paa. Anaoga peupe, nywele zimemwagika mabegani, naye mfalme Daudi anamchungulia kwa mbali. Fungua Samweli wa Pili sura ya 11 uone: aliyekuwa juu ya paa ni Daudi. Jioni aliondoka kitandani, akawa anatembea juu ya paa la nyumba ya mfalme, na kutoka huko akamwona mwanamke anaoga. Mwanamke mwenyewe alikuwa wapi? Uani, chumbani, penye kisima? Maandiko yamenyamaza. Yanachoongeza, katika mstari wa 4, ni kwamba alikuwa akijitakasa na unajisi wake, yaani alikuwa akitimiza sharti la dini.

Yeyote anayepanga mfululizo wa filamu fupi juu ya wanawake wa Biblia ana sababu ya kulitafakari paa hilo kabla ya kununua rangi. Msimulizi wa mdomo anaweza kusema mwanamke alikuwa anaoga, kisha akaendelea na hadithi, wala hakuna atakayemuuliza ukuta ulikuwa wa mawe au wa matope. Mchoraji hana ujanja huo. Akishika kalamu, lazima mwanamke awe amesimama mahali, awe na umri, awe na rangi ya ngozi, awe na uso unaofurahi au unaoogopa. Kila mchoro unajibu maswali ambayo maandiko hayakuyajibu, na mtazamaji, hasa mtoto, hubaki na jibu la mchoro maisha yake yote.

Kwa wanawake tatizo hili ni kubwa kuliko kwa wanaume, kwa sababu mistari yao ni michache. Daudi amepewa sura kadhaa. Fibi wa Kenkrea amepewa mistari 2. Ukitaka kumpa Fibi dakika nne za picha, sehemu kubwa ya picha hizo itatoka kichwani mwako, hilo halina njia ya kuepukika. Mtazamaji anachostahili ni kuweza kujua wakati wowote anatazama kipi: kilichoandikwa, au kilichojazwa.

Ndiyo maana, kwa maoni yangu, mtindo wa picha unaorudiwa sehemu hadi sehemu una kazi kubwa kuliko kupendezesha. Mara nyingi watu huufikiria kama sare ya shule, kitu cha kuonyesha kwamba sehemu hizi ni za mama mmoja. Unaweza kubebeshwa mzigo zaidi ya huo. Kanuni ninayoipendekeza ni hii: kila kilichotajwa katika maandiko kinajazwa rangi, na kila tulichokibuni sisi kinabaki mistari mitupu ya penseli. Katika sehemu ya Bathsheba, Daudi na paa lake wana rangi. Maji yana rangi. Ukuta, beseni na ua ni penseli tu. Hakuna haja ya msimulizi kueleza lolote. Mtu aliyetazama sehemu mbili au tatu huwa ameshaizoea kanuni bila kufundishwa, na akiona penseli anajua kwamba hapo watengenezaji wanakisia.

Tuchukue basi mfululizo wa sehemu 8, kila moja dakika 4, utakaotazamwa zaidi kwenye simu. Hapo mpango unaanza na hesabu. Msomaji mtulivu wa Kiswahili hutamka takriban maneno 100 kwa dakika akiacha nafasi ya kupumua, kwa hiyo skripti nzima ya sehemu moja haiwezi kuzidi maneno 400. Hizo ni kama kurasa mbili zilizopigwa chapa kwa nafasi. Picha moja ikikaa kwenye kioo kwa sekunde 6, sehemu moja inahitaji michoro 40, na sehemu 8 zinahitaji 320. Kwa mchoraji mmoja hiyo ni kazi ya kukata tamaa. Lakini kama michoro 10 katika kila sehemu ni ile ile, yaani mlango wa kuingilia, ramani ya msingi, ukurasa wa kufungia na kadhalika, basi unachora 10 mara moja, halafu 30 kwa kila mwanamke, jumla 250. Michoro 70 imeondoka mezani, na mtazamaji hakunyimwa kitu, kwa sababu kile kinachorudiwa ndicho kinachomfanya ajisikie yuko nyumbani.

Akina mama na baba wa animesheni walilijua hili zamani. Lotte Reiniger, Mjerumani aliyetengeneza filamu ndefu ya vivuli mwaka 1926 juu ya mwanamfalme Ahmed, alikata watu wake kwenye karatasi nyeusi na kuwaunganisha viungo kwa waya, mkono ukaweza kuinuka bila mtu mzima kuchorwa upya. Leo kompyuta inafanya kazi hiyo hiyo: mkono unachorwa mara moja, unawekewa viungo, unahifadhiwa, unaitwa tena unapohitajika.

Nimetaja mkono kwa makusudi. Pendekezo la pili ni kwamba wanawake wote 8 waonyeshwe kwa mikono yao na kwa kitu kimoja, bila uso. Hajiri na kiriba chake cha maji. Abigaili na punda waliosheheni chakula. Bathsheba na kiti. Rispa na gunia. Hulda na gombo. Uso wa mwanamke wa Biblia ni mahali ambapo wachoraji hugombana bila mwisho, mmoja akitaka Mzungu mwenye macho ya buluu kama kwenye kalenda, mwingine akitaka Mwafrika, wa tatu akitaka Myahudi wa karne zile ambaye hakuna anayejua alifananaje hasa. Maandiko yenyewe yakizungumzia sura, husema tu kwamba fulani alikuwa mzuri wa uso, yakaishia hapo.

Wapo waliolitatua suala hilo kwa njia iliyo kinyume kabisa, nao wakafaulu. Katika miaka ya 1970, jamii ya Wakristo wa kabila la Wamafa, kaskazini mwa Kameruni, waliigiza matukio ya Injili wao wenyewe, wakapigwa picha, na kutokana na picha hizo ukachorwa mfululizo mzima wa maisha ya Yesu. Maria, Martha na wanawake wa kaburini ni Wamafa, wamevaa Kimafa, katikati ya nyumba za msonge. Picha zile zina nguvu kwa sababu hazikufanya nusu. Kinachoharibu ni nusu: mwanamke amevaa kitenge cha mwaka huu, pembeni ana mtungi wa Kirumi, nyuma yake kuna mlima wa theluji. Kama huna uwezo wa kwenda hadi mwisho kama Wamafa, mikono peke yake inakuokoa.

Sasa karatasi yenyewe ya mpango. Kila mwanamke anapewa ukurasa mmoja, na ukurasa ukizidi mmoja ujue mada haijaiva. Juu kabisa yanaandikwa maandiko ya msingi kwa sura na mstari. Chini yake kitu chake. Halafu sentensi moja inayosema mwanamke huyu anafanya nini. Halafu yale ambayo maandiko hayayasemi. Mwisho, picha ya kufungia.

Sentensi ile moja ndiyo chujio. Iandike, kisha tafuta kitenzi na mtendaji wake. Kama mtendaji ni mume, mfalme au mtoto, hujapata sehemu ya kipindi. Umepata sehemu ya mtu mwingine ambayo mwanamke anapita ndani yake. Mjaribu Bathsheba. Katika Samweli wa Pili sura ya 11, Daudi anatuma, Daudi anamtwaa, Daudi analala naye. Yeye anatuma neno moja tu, kwamba ana mimba. Mengi ya sura ile anatendewa. Lakini nenda Wafalme wa Kwanza sura ya 1, miaka mingi baadaye. Daudi amezeeka, Adoniya amejitangaza mfalme, nabii Nathani anamshauri Bathsheba, naye anaingia chumbani kwa mfalme, anamkumbusha kiapo chake na kumtetea Sulemani. Sura inayofuata, Sulemani akiwa mfalme, anainuka kumlaki mama yake, anamwinamia, na kuagiza kiti kiwekwe kuumeni kwake. Sehemu ya Bathsheba iko hapo. Kuoga kunachukua sekunde 20 za utangulizi, na kitu chake ni kile kiti.

Chujio hilo linaacha nje majina makubwa, na kuna watakaolalamika. Mimi ningemwacha Hawa na ningemwacha Maria mama wa Yesu. Si kwa sababu hawatendi; kila mmoja wao amebeba mafundisho ya karne nyingi ambayo dakika nne zitayakata vibaya, na kila dhehebu lina picha yake ya Maria tayari. Ningeingiza wale binti watano wa Selofehadi, ambao kitabu cha Hesabu sura ya 27 kinawaonyesha wamesimama mlangoni pa hema ya kukutania mbele ya Musa, kuhani, wakuu na mkutano wote, wakidai urithi wa ardhi kwa kuwa baba yao hakuacha mtoto wa kiume. Wanavunja kanuni ya mwanamke mmoja kwa kila sehemu, na waivunje. Walikwenda pamoja, wakasema pamoja, wakapewa jibu moja. Mikono kumi, mlango mmoja.

Mwanamke atakayetuonyesha kama mpango unafanya kazi au la ni Rispa binti Aya, suria wa mfalme Sauli. Hasemi neno hata moja katika Biblia. Kisa chake kiko Samweli wa Pili sura ya 21, na ni kigumu. Njaa imeikamata nchi miaka mitatu mfululizo. Daudi anamwuliza Bwana, anajibiwa kwamba ni kwa ajili ya Sauli na nyumba yake yenye damu, kwa kuwa aliwaua Wagibeoni. Daudi anawauliza Wagibeoni wanataka nini, nao wanataka wanaume saba wa uzao wa Sauli. Wanatolewa: wana wawili wa Rispa, Armoni na Mefiboshethi, pamoja na wajukuu watano wa Sauli. Wanatundikwa mlimani siku za kwanza za mavuno ya shayiri. Rispa anatwaa gunia, analitandika juu ya mwamba, na tangu mwanzo wa mavuno hadi mvua ilipowanyeshea kutoka mbinguni, hawaachi ndege wa angani kuitua miili mchana, wala wanyama wa porini usiku.

Habari inamfikia Daudi. Anakwenda kuitwaa mifupa ya Sauli na Yonathani kwa watu wa Yabesh-gileadi, mifupa ya wale saba inakusanywa, na Sauli na Yonathani wanazikwa katika kaburi la Kishi, baba yake Sauli, katika nchi ya Benyamini. Ndipo, baada ya hayo, Mungu akasikia maombi kwa ajili ya nchi.

Ukurasa wake wa mpango unaandikika haraka. Kitu: gunia. Sentensi: anawalinda wafu mpaka mfalme anaona aibu na kuwazika. Neno aibu halimo katika maandiko, kwa hiyo tunalikata: anawalinda wafu mpaka wanazikwa. Yasiyosemwa: alikaa muda gani, alikula nini, nani alimsaidia, aliwaza nini.

Muda ndio fundo. Shayiri ya Palestina huvunwa kuanzia kama mwezi wa Aprili. Mvua za kawaida hurudi kuanzia Oktoba. Kama mvua iliyotajwa ni hiyo, Rispa alikaa mwambani miezi mitano au sita. Kama ilikuwa mvua ya ghafla iliyokuja kuvunja ukame, huenda ni wiki chache. Wafafanuzi wamegawanyika. Skripti mbovu itasema miezi sita kwa sauti nzito, kwa sababu inavutia. Kanuni yetu inatulazimisha vingine: shayiri ina rangi, mvua ina rangi, na kilicho katikati ni penseli. Hivyo basi katikati ya sehemu hii tunaweka fremu moja inayorudiwa: mwamba, gunia, mkono. Kivuli cha ndege kinapita, mkono unainuka. Giza, macho mawili ya mnyama, mkono unainuka. Fremu hiyo hiyo mara 10, kila mara sekunde 4, na katika hizo sekunde 40 msimulizi hasemi kitu. Tunasikia mabawa, upepo, mbweha. Kwa upande wa gharama ni michoro miwili tu na mkono mmoja wenye viungo. Na njano ya shayiri inapauka kila fremu bila mtu kutamka idadi ya miezi.

Miili haionyeshwi. Wapo watakaotazama wakiwa na watoto, na zaidi ya hapo, kisa kinamhusu aliyelinda. Milingoti saba ya penseli kwa mbali juu ya mlima inatosha.

Kisha kuna mtego ambao mtu asiyesoma kwa makini hauoni. Mstari wa 8 katika nakala nyingi za Kiebrania unasema wale wajukuu watano ni wana wa Mikali. Lakini sura ya 6 ya kitabu hicho hicho ilishasema Mikali hakuzaa mtoto hata kufa kwake, na nakala nyingine zinataja Merabu, dada yake, aliyeolewa na Adrieli. Huna muda wa kulieleza jambo hilo katika dakika nne. Dawa ni kusema wajukuu watano wa Sauli kupitia binti yake, kauli ambayo ni kweli kwa nakala zote mbili. Mwandishi wa skripti akijipa kazi ya kutafuta maneno ya namna hiyo, atalala usingizi.

Mtego mkubwa zaidi uko mwishoni. Ni rahisi kusimulia kwamba watu saba waliuawa na njaa ikaisha, kana kwamba damu ndiyo iliyoleta mvua. Fuata mpangilio wa mistari. Baada ya kutundikwa, maandiko hayasemi kwamba Mungu alisikia. Yanasema hivyo katika mstari wa 14, baada ya mazishi. Sheria ya Kumbukumbu la Torati sura ya 21 inakataza maiti ya aliyetundikwa kulala juu ya mti, na hapa maiti zimelala siku nyingi, na mtu pekee anayezitendea kama maiti za binadamu ni suria asiye na cheo. Skripti haihitaji kuhubiri hilo. Inahitaji kuweka sentensi ya mazishi kwanza, kisha ya Mungu kusikia, kwa mpangilio wa kitabu, na kuacha pumzi kati yake.

Kuna jambo moja zaidi juu ya Rispa, lililo sura ya 3: Abneri, jemadari wa Sauli, anatuhumiwa kulala naye, na ugomvi unaotokana na hapo unamtenga Abneri na nyumba ya Sauli. Humo Rispa ni sababu ya ugomvi wa wanaume wawili. Pitisha kwenye chujio, inaanguka.

Kila mmoja wa wanawake wengine ana mtego wake. Wa Maria Magdalena ni chupa. Ukimwambia mchoraji amchore Maria Magdalena kwa kitu kimoja, karibu wote watachora chupa ya marhamu, kwa sababu ndivyo sanaa ya Ulaya ilivyomzoesha kila mtu. Chupa ile ni ya mwanamke mwenye dhambi wa Luka sura ya 7, ambaye hakutajwa jina. Aliyewaunganisha kwa nguvu ni Papa Gregori Mkuu katika mahubiri yake ya mwaka 591, akiwachanganya pamoja na Maria wa Bethania. Kalenda ya Kanisa Katoliki ililiweka jambo hilo sawa mwaka 1969, na mwaka 2016 Papa Fransisko akaipandisha siku yake, Julai 22, kuwa sikukuu kama za mitume. Ni kweli Marko anasema alinunua manukato kwa ajili ya mwili wa Yesu. Hata hivyo ukimpa chupa, mtazamaji ataona kahaba, hata kama msimulizi hajalitamka neno hilo. Mpe njia. Katika Yohana sura ya 20 anakimbia kuwaita wanafunzi, kisha anatumwa tena na kwenda kuwapasha habari. Nyayo kwenye udongo, kwenda na kurudi, zote zina rangi.

Kwa Fibi kanuni ya penseli inauma. Warumi 16 inamtaja kuwa mhudumu wa kanisa la Kenkrea, bandari ya Korintho, na msaidizi wa wengi akiwamo Paulo. Wasomi wengi wanaamini ndiye aliyeubeba waraka hadi Rumi, kwa kuwa Paulo anawaombea wampokee, lakini hakuna mstari unaosema hivyo waziwazi. Basi gombo lina rangi, bandari ina rangi, na mkono unaolishika gombo ni penseli. Sehemu nzima itakuwa nyepesi kama rasimu. Watayarishaji watataka kuongeza rangi ili ipendeze. Wakatae. Mfululizo ukivunja kanuni yake mara moja, rangi zote za sehemu nyingine zinapoteza maana.

Hajiri anataka uangalifu wa aina nyingine, hasa kwa watazamaji wa Kiswahili, kwa sababu nusu yao wanaweza kuwa wanamjua kama Bi Hajar. Katika Mwanzo sura ya 16 ni mjakazi Mmisri aliyekimbilia chemchemi jangwani, na ndiye wa kwanza katika Biblia kumpa Mungu jina. Katika sura ya 21 anapotea na mwanawe katika jangwa la Beer-sheba. Kwa Waislamu kisa chake kiko Makka, kati ya vilima vya Safa na Marwa, kwenye maji ya Zamzam, na kila anayehiji hurudia mwendo wake mara saba. Sehemu yetu lazima itamke mapema kwamba inafuata kitabu cha Mwanzo, bila kubishana na masimulizi mengine. Tena Ibrahimu ni nabii, na Waislamu hawapendi kuona nabii akichorwa. Mtindo wa mikono haumalizi suala hilo, maana mkono nao ni mchoro. Hapo Ibrahimu anabaki nje ya fremu kabisa. Tunachoona ni kiriba na mkate vikitua begani kwa Hajiri, kama mstari wa 14 unavyosema. Na tafadhali, jangwa lisipandwe mipungate. Mmea ule asili yake ni Amerika, haukuwako katika nchi zile mpaka baada ya safari za Kolumbo, kama ambavyo mahindi hayakuwako. Gunzi la hindi kwenye mzigo wa punda wa Abigaili ni kosa la miaka elfu mbili na ushei. Alibeba mikate 200, viriba 2 vya divai, kondoo 5 waliokwisha tengenezwa, nafaka iliyokaangwa, vishada 100 vya zabibu kavu na mikate 200 ya tini, na orodha hiyo ni zawadi kwa mchoraji: hahitaji kubuni chochote.

Mtindo ukishaanza kutumika, huwa unateleza polepole. Mchoraji anachoka, njano inakuwa ya machungwa, mstari wa penseli unanenepa, kivuli kinahama kutoka kushoto kwenda kulia. Ndani ya sehemu moja huoni kitu. Namna ya kuona ni kuchukua fremu moja kutoka kila sehemu, kuzipanga zote kwenye kioo kimoja cha simu zikiwa ndogo kama kucha, na kumwuliza mtu ambaye hajawahi kuuona mfululizo ni ipi isiyo ya kundi. Akinyoosha kidole bila kusita, rudi ukaipake upya. Na uwiano wa kioo uamuliwe siku ya kwanza. Ukichora kwa kulala na baadaye ukatakiwa utoe toleo la kusimama, mikono itakatwa viganja, kwa hiyo mambo yote muhimu yakae ndani ya mraba wa katikati. Maneno kwenye kioo yasizidi saba kwa mara moja, kwa ajili ya wanaotazama kwenye daladala bila sauti.

Jambo la mwisho ni sehemu ipi itengenezwe kwanza. Wengi huanza na Hajiri kwa kuwa yuko Mwanzo, au na ile wanayoipenda kuliko zote, na wakishagundua kasoro za mtindo huwa wameshaitumia hadithi yao bora kujifunzia. Mimi ningeanza na Hulda. Ni Wafalme wa Pili sura ya 22: gombo la torati limeonekana hekaluni katika mwaka wa 18 wa mfalme Yosia, mfalme amerarua mavazi yake, na watu watano, akiwamo kuhani Hilkia na mwandishi Shafani, wanatumwa kumwuliza Bwana. Yeremia alikuwa ameshaanza kutabiri miaka hiyo. Wao wanakwenda kwa Hulda, mke wa Shalumu mtunza mavazi, aliyekaa katika mtaa wa pili wa Yerusalemu. Anawajibu, wanarudi. Chumba kimoja, gombo moja, mikono ya wanaume watano na ya mwanamke mmoja, usemi wake umeandikwa karibu wote. Rangi itakuwa nyingi, penseli kidogo, na kama mstari, sauti au mwendo wa picha una kasoro, utaonekana hapo bila kufichwa na mvua wala jangwa. Ikitengenezeka ndani ya wiki tatu kwa mchoraji mmoja, mfululizo wote unawezekana. Ikichukua miezi miwili, punguza michoro kutoka 40 hadi 25 na uache picha zikae muda mrefu zaidi, kabla hujamgusa Rispa.